Chakula cha safari ndefu ya basi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Desemba ikikaribia, ndugu na marafiki wananiuliza maswali yaleyale: nibebe nini, kitakaa mpaka saa ngapi, nitakulaje bila kumchafua jirani. Nimeyakusanya hapa. Safari ninayoitolea mfano ni ya Dar es Salaam kwenda Mwanza, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Basi linatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri, linapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, na ukishuka Mwanza giza limeshaingia zamani. Anayeendelea hadi Bukoba aongeze hesabu.

## Mambo ya mwanzo

Basi si linasimama njiani watu wale? Kwa nini nijisumbue kupika?

Linasimama, ndiyo. Konda anatangaza dakika ishirini, abiria wote wanashuka pamoja, nusu wanakimbilia chooni na nusu wanapanga foleni kwenye chakula. Ukipata sahani yako, dereva ameshaanza kupiga honi. Wali unaoupata pale umepikwa saa ngapi hujui, na kuku wa kwenye kabati la kioo hujui amelala humo tangu basi la ngapi.

Halafu kuna siku basi linaharibika kati ya Manyoni na Singida, mbali na hoteli yoyote. Siku hiyo ndiyo utamjua aliyefunga kapu na aliyetegemea kusimama. Sisemi usile njiani kabisa. Mimi mwenyewe hununua mahindi ya kuchoma yanayotoka jikoni huku nikiyaona. Ila mlo wa kutegemea uwe mkononi mwako.

Chakula kilichopikwa kinakaa muda gani nje ya friji?

Chakula chenye majimaji, yaani wali, nyama, mchuzi, maharage, mayai, hupewa saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, na ndani ya basi lisilo na kiyoyozi mchana wa Dodoma linazidi, kipimo kinashuka hadi saa moja. Bakteria wanazaliana kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na hapo ndipo chakula cha safari kinapokaa safari nzima.

Wengi wanakosea pa kuanzia kuhesabu. Saa haianzi basi linapoondoka. Inaanza chakula kinapoacha kuwa cha moto, pale jikoni kwako. Kuku uliyemkaanga saa 4 usiku ukamwacha kwenye sufuria mpaka alfajiri amemaliza muda wake kabla hujafunga begi.

Vyakula vikavu haviingii kwenye hesabu hii, na ndivyo vinavyobeba safari.

Nitajuaje kwamba chakula ni kikavu vya kutosha?

Tazama ndani, usitazame juu. Vunja kipande, bonyeza sehemu ya ndani kwa tishu. Tishu ikilowa maji, hicho ni chakula cha kuliwa mapema. Ikipata mafuta tu, usiogope, kwa sababu bakteria wanahitaji maji na mafuta hayawapi maji. Ndiyo maana sambusa inadanganya: nje imekauka inalia kachakacha, ndani kuna nyama na vitunguu vyenye maji tele.

Sukari nyingi nayo inasaidia, maana inayashika maji yaliyomo mpaka bakteria hawapati cha kunywa. Tende ni laini kabisa lakini inakaa wiki bila friji. Kashata vivyo hivyo.

Kwa hiyo mimi nina mafungu matatu. La kwanza ni vinavyokaa siku nyingi: karanga, korosho, bisi, biskuti, visheti, kashata, tende, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. La pili ni vinavyofika mpaka kesho yake vikifungwa vizuri: maandazi na chapati kavu. La tatu ni vya kula kabla basi halijaenda mbali: mayai, kuku, viazi na mihogo ya kuchemsha, sambusa, wali wa aina yoyote.

Kama hakinuki vibaya, si kiko salama?

Hapana. Kinachonuka na kinachokulaza hospitali mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Kwenye wali kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka, wanazaliana na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto tena. Bakteria wa mikononi mwetu wanaoingia kwenye nyama iliyochambuliwa kwa vidole wana tabia hiyohiyo. Pua inakuambia chakula kimechacha, haikuambii kwamba kina sumu.

## Vyakula vyenyewe

Maandazi yangu yakifika Dodoma yanakuwa yameloa na yana uchachu. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni moja: yamefungwa yakiwa ya moto. Ndazi likitoka kwenye mafuta linaendelea kutoa mvuke kwa muda mrefu. Ukilifungia kwenye kontena, mvuke unagonga mfuniko, unageuka maji na kurudi juu ya maandazi. Nilifanya hivyo mwaka mmoja. Nilipika maandazi ya nazi usiku, nikayamwaga ya moto kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana ili yabaki laini. Tulipovuka Dodoma nikafungua. Mfuniko ulikuwa unadondosha matone, maandazi ya juu yanateleza kwenye vidole, na harufu ya tui lililochacha ikawafikia watu wa siti ya nyuma kabla sijafunika.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kilo moja ya unga wa ngano, sukari gramu 150 hivi, kijiko kimoja cha mezani cha hamira, vijiko vitatu vya mafuta, iliki, chumvi kidogo. Nakandia maji vuguvugu, kama nusu lita, bila tui. Tui linaleta utamu lakini linachacha upesi, na ladha ya iliki inatosha. Nakata madogo, ya kumalizika kwa kung'ata mara tatu, kwa sababu ndazi kubwa linaiva nje huku ndani likibaki bichi. Moto uwe wa wastani. La kwanza likitoka nalivunja: ndani kukiwa kumeshikana na kunang'aa kama gundi, napunguza moto.

Kisha nayatandaza kwenye ungo au chekecheo, yasipandane, mpaka ukilishika moja na kuliweka shavuni husikii joto. Saa moja na nusu mpaka mbili. Hapo nayafunga kwenye kitambaa safi cha pamba au mfuko wa kaki, halafu ndani ya kapu. Yatakuwa magumu kidogo kuliko ya nyumbani. Huo ugumu ndio unaoyafikisha.

Chapati je?

Kanuni ni ileile ya kupoza. Zisiwe na mafuta mengi, kwa sababu chapati inayotoa mafuta inachafua nguo, na hazitaki kupakwa chochote ndani. Mchuzi, maharage au nyama ndani ya chapati vinaihamisha kutoka fungu la pili hadi la tatu. Ninazikata vipande vinne, kila kipande nakiviringisha kama sigara. Hivyo unakula kwa mkono mmoja na hakuna kinachodondoka.

Matobolwa ni nini, na yanafaa kweli kwa basi?

Hiki ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa njia hii, na ni ajabu kwamba watu wa kanda ya ziwa wanakiona cha kizamani. Wasukuma wanachemsha viazi vitamu, wanamenya, wanakata vipande na kuvianika juani, mara nyingi juu ya mawe, mpaka vinakuwa vigumu. Kazi ya moto imeshafanyika, kwa hiyo unatafuna hivyohivyo. Usichanganye na michembe, ambayo hukatwa viazi vikiwa vibichi na kukaushwa. Michembe lazima ipikwe, ukiitafuna ndani ya basi utajuta.

Namna ya kuyatofautisha sokoni: michembe ni myeupe na ya unga unga, matobolwa yana rangi ya asali iliyokolea au kahawia na ukiinua kipande kuelekea kwenye jua yanaonyesha mwanga kidogo. Yaliyokauka vizuri ni magumu na hayakubali kukunjwa. Yakikunjika kama ngozi mbichi, bado yana maji, yataota ukungu. Tazama madoa ya kijani au meusi yenye manyoya, tazama na vitundu vidogo vya fukusi. Kwa sababu yanaanikwa nje, yafute kwa kitambaa kikavu kuondoa mchanga. Usiyaoshe, ukiyaosha umeyarudisha kwenye maji.

Kula taratibu na karanga, kipande kimoja na karanga tano. Mchanganyiko huo unashibisha kwa muda mrefu na haudondoshi kitu. Anayetoka Mwanza kwenda Dar atayapata sokoni. Anayetoka Dar ategemee aliyotumiwa na mama mkwe.

Karanga zina tatizo gani?

Karanga zilizokaangwa zikakauka hazina shida ya friji. Shida yake ni sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu karanga au mahindi yakihifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi yote. Kwa hiyo chagua karanga zikiwa mbichi: tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu na zilizotobolewa na wadudu. Ukitafuna karanga ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa aibu.

Zile za dirishani zilizofungwa kwenye karatasi hujui zilichambuliwa au la. Mimi najikaangia.

Kwa watoto wadogo angalia swali la watoto huko mbele.

Mayai ya kuchemsha yanauzwa kila stendi. Kwa nini umeyaweka fungu la tatu?

Kwa sababu ganda linadanganya. Yai bichi lina utando juu ya ganda unaoziba vitundu vyake. Kulichemsha kunauondoa utando huo, na yai lililopoa linaweza kuingiza vijidudu kirahisi kuliko lilipokuwa bichi. Nayachemsha alfajiri, dakika 10 mpaka 12 maji yakitokota, na tunayala palepale stendi tukisubiri kupakia mizigo. Maganda yanabaki kwenye pipa la stendi na harufu haisafiri nasi. Yai lililobaki halipandi basi.

Kuku wa kukaanga? Safari bila kuku si safari.

Najua. Basi mkaange siku ileile, alfajiri, vipande vidogo vikaukie kabisa bila mchuzi, na aliwe ndani ya saa mbili tangu atoke kwenye mafuta. Kwa basi la saa 12 asubuhi maana yake umemmaliza kabla ya Chalinze. Umkaange saa 10 usiku, aliwe stendi. Kuku wa Singida unayemnunua njiani ni habari nyingine: kama anatoka kwenye moto mbele ya macho yako, mle wakati huohuo, usimfungie kwa ajili ya Shinyanga.

Kuna ujanja wa chupa ya barafu, nimeueleza kwenye swali la vinywaji.

Hotpoti si inatunza pilau moto?

Hotpoti inachelewesha kupoa, haipiki. Pilau likiingia linafuka na hotpoti ikiwa imesuuzwa kwa maji ya moto kwanza, litakaa moto wa kweli saa chache, na kila ukifungua unapoteza. Baada ya hapo linashuka kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndio bakteria wa wali wanaoupenda. Ukifungua usione mvuke, na mchele wa katikati hauunguzi ulimi, usile. Tena pilau linahitaji kijiko, sahani na siti isiyotikisika. Barabara zetu na matuta yake hazitoi nafasi hiyo.

Vitumbua, sambusa, bagia, mihogo?

Vitumbua vina tui na unyevu mwingi, vinachacha mapema. Sambusa na bagia ni za kula zikiwa za moto asubuhi. Muhogo wa kuchemsha unafuata sheria ya saa mbili. Krispi za muhogo au za ndizi, zile nyembamba zinazovunjika, ni fungu la kwanza.

Matunda gani hayachafui?

Ndizi mbivu zisizoiva sana, kwa sababu zina kifungashio chake na ganda halitoi maji. Weka juu ya vitu vyote, zisikandamizwe. Karoti na matango madogo yaliyooshwa na kukaushwa ni mazuri pia. Chungwa ni tamu lakini ukilimenya ndani ya basi maji yanamrukia jirani, na vidole vinanata mpaka usiku. Embe sitaki hata kulizungumzia. Tunda lolote lililokatwa nyumbani au njiani ni chakula chenye majimaji, linaingia kwenye hesabu ya saa.

Zabibu za Dodoma wanaziuza mpaka dirishani. Nunua, ila usile bila kuziosha kwa maji ya chupa.

Dagaa wa kukaanga wakikauka vizuri?

Kwa usalama, wanafaa. Kwa ujirani, hapana. Dirisha likifungwa, basi zima litajua unakwenda wapi na kwenu mnakula nini.

## Kufunga na kula

Nifunge vipi?

Funga kwa mlo, usifunge kwa aina ya chakula. Yaani mfuko wa asubuhi una kila kitu cha asubuhi, wa mchana vya mchana, wa usiku vya usiku. Ukifungua kapu lenye maandazi yote, mikono inaingia mara kumi, na maandazi ya usiku yameshikwa tangu Morogoro. Mfuko mmoja ukimalizika unakuwa mfuko wa taka.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia mifuko ya kaki kwa vitu vya mafuta kidogo, kitambaa kwa maandazi, na kontena lenye mfuniko kwa vinavyovunjika. Usifunge chakula cha mafuta kwenye gazeti, wino unahamia kwenye chakula.

Kapu likae miguuni kwako. Lisiwekwe kwenye buti, huko kuna joto na mizigo ya watu wengine, na huwezi kulifikia mpaka Mwanza. Upande wa dirisha lenye jua pia si mahali pake.

Nifanyeje na mikono?

Beba chupa ndogo ya maji ya kunawia yenye sabuni kidogo ndani yake, na nyingine ya kusuuzia. Basi likisimama watu wakichimba dawa, nawa kabla ya kupanda. Dawa ya mikono ya spiriti inasaidia mikono ikiwa safi kwa macho, lakini juu ya mafuta na vumbi haifanyi kazi yake. Kama hukupata maji, shika chakula kwa kipande cha kaki, usikiguse kwa vidole.

Jirani akinikaribisha chakula chake?

Karanga, biskuti iliyofungwa, ndizi isiyomenywa: pokea na shukuru. Chakula cha sufuriani baada ya Dodoma, sema umeshiba. Na kutoka kwa mtu usiyemjua, kinywaji kilichofunguliwa usikipokee kabisa. Watu wameleweshwa na kuibiwa kwenye mabasi.

## Vinywaji

Nisinywe maji ili nisisumbue konda?

Watu wengi wanafanya hivyo na wanafika na kichwa kinauma. Kunywa mafunda madogo mara kwa mara badala ya nusu chupa kwa mpigo, na malizia kunywa kabla tu ya kituo, si baada yake. Mtu mzima apange lita moja na nusu kwa mchana wa njia hii, na ya akiba.

Maziwa, juisi ya miwa na madafu yaliyohamishiwa kwenye chupa hayafai. Chai ya rangi kwenye chupa ya chai inafaa, ukiisuuza chupa kwa maji yanayochemka kabla ya kujaza. Uji nao unakaa moto kwa njia hiyo, ila uunywe asubuhi.

Ule ujanja wa chupa ya barafu ni upi?

Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita, zisijazwe mpaka juu kwa sababu barafu inatanuka. Zifunge na taulo, uzilaze pembeni ya kontena la chakula ndani ya begi linalohifadhi ubaridi. Chakula kiwe kimepoa friji usiku kucha kabla ya kuingia humo. Barafu ikiwa bado inasikika ukitikisa chupa, chakula kiko baridi. Ikishayeyuka yote na maji yakaacha kuwa baridi, anza kuhesabu zile saa mbili. Maji yenyewe unayanywa. Ni kazi, na kwa mtu mmoja nadhani haina maana.

## Mfano kamili

Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 4. Niandikie hasa cha kubeba.

Dada yangu alisafiri na wanawe wa umri huo, na kapu lake tulilifunga pamoja.

Usiku uliotangulia tulipika maandazi madogo 24 kama nilivyoeleza juu, tukayaacha kwenye ungo yakiwa yamefunikwa chandarua cha chakula. Saa 10 usiku tulichemsha mayai matatu na chai. Saa 11 na nusu walikuwa stendi, wakala mayai na maandazi mawili mawili, maganda yakatupwa hapohapo.

Mfuko wa asubuhi, wa kati ya Morogoro na Dodoma: maandazi sita, ndizi tatu. Mfuko wa mchana: maandazi sita, karoti, tende tisa, kashata moja ya mama. Jioni baada ya Singida: maandazi sita yaliyobaki, pakiti mbili za biskuti, ndizi mbili. Pembeni, kontena dogo la matobolwa na robo kilo ya karanga vikakaa kama akiba ya kuharibikiwa gari. Maji chupa mbili za lita moja na nusu, na moja ndogo ya kunawia.

Mtoto wa miaka 4 hakupewa karanga nzima. Basi likipiga tuta akiwa anatafuna, karanga inaweza kuingia njia ya hewa, na msaada uko mbali. Kashata ngumu hali kadhalika. Yeye alipewa tende iliyotolewa kokwa na kukatwa, na biskuti.

Walifika karibu saa 5 usiku. Akiba haikuguswa, ndizi moja ilipondeka, na shati la mdogo lilikuwa na chembe za biskuti tu.

## Hali za pekee

Basi limeharibika na tumelala porini. Nile nini?

Anza na fungu la pili, yaani maandazi na chapati, kwa sababu hayo yana mwisho. La kwanza linasubiri. Asubuhi vunja ndazi kabla ya kula: likivutika nyuzi nyembamba ndani, au likiwa na harufu kama nanasi lililoiva kupita kiasi, tupa yote ya mfuko huo.

Mtoto mchanga wa maziwa ya kopo?

Anayenyonya anyonye tu, hakuna kinachoshinda hicho. Kwa maziwa ya kopo, beba unga mkavu uliopimwa kwenye vichupa safi na maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai. Changanya wakati wa kula, maji yakiwa bado ya moto sana, poza chupa kwa maji baridi nje yake, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yasiyomalizwa mwaga. Usichanganye nyumbani ukabeba maziwa tayari.

Nina kisukari.

Orodha yangu ina tende na kashata nyingi, kwa hiyo igeuze: karanga, korosho, chapati kavu na karoti viwe chakula, tende mbili tatu zibaki mfukoni kwa ajili ya sukari ikishuka. Anayechoma insulini asisubiri kituo cha chakula, kwa sababu kituo hakina saa. Panga na daktari wako dozi ya siku ya safari mapema.

Natapika kwenye basi. Nisile?

Tumbo tupu linazidisha kichefuchefu. Kula kidogo, kikavu: biskuti, kipande cha chapati, tangawizi. Epuka mafuta asubuhi. Siti za mbele zinatikisika kidogo kuliko za nyuma.

Nimekula kitu njiani na tumbo limevurugika.

Mwambie konda mapema, usivumilie. Beba pakiti ya maji ya chumvichumvi ya dukani. Kama huna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa kali, au mtoto aliyelegea na asiyekojoa: shuka mji wa kwanza wenye hospitali, tiketi utanunua nyingine.

Ninavuka mpaka, kwa mfano Dar kwenda Nairobi kupitia Namanga. Kuna tofauti?

Matunda mabichi, mbegu, nyama na maziwa vinaweza kuzuiwa mpakani. Kula ndizi zako kabla ya kufika, ubaki na biskuti, maandazi na karanga zilizokaangwa.

Vilivyobaki nikifika niwape wenyeji?

Matobolwa, karanga, kashata na biskuti ambavyo havikufunguliwa, wape. Maandazi yaliyozunguka siku nzima miguuni mwa watu, wape kuku.